Maulidi ya kukesha na saa 12 za YouTube

Mnaorusha maulidi mubashara YouTube, kumbukumbu hujihifadhi yenyewe iwapo matangazo hayakuzidi saa 12. Yakizidi, huenda usiikute. Tuseme shughuli ya Wete inaanza saa 10 alasiri mpaka saa 12 asubuhi: hizo ni saa 14. Basi kata saa 4 usiku, watu wakila biriani, ufungue matangazo mapya. Upate vipande vya saa 6 na saa 8. Rekodi pia kwenye kompyuta.

Asubuhi usifute kitu. Subiri video ichakatwe, kisha linganisha urefu wake na saa ulizoandika mwenyewe. Buruta hadi dakika ya mwisho: kama husikii dua ya kufungia, kumbukumbu imekatika.