Kabla ya Kusema Mizizi Yote Miwili ni Chanya

Swali huja hivi: umepewa mlinganyo wa kwadratiki wenye herufi nyingine mbali na x, tuseme m, na unaulizwa ni kwa thamani zipi za m mizizi yake yote miwili itakuwa chanya. Wengi hukimbilia ile kanuni yenye kipeuo cha pili. Wanapata mizizi miwili iliyojaa m ndani na nje ya kipeuo, kisha wanakwama, kwa sababu kuamua ni lini usemi wa namna hiyo unazidi sifuri ni kazi nzito kuliko swali lenyewe. Hakuna haja ya kuitafuta mizizi. Jumla yake na zao lake vinatosha, mradi mambo machache yaangaliwe kabla ya kuanza kutatua.

Tutumie mlinganyo mmoja mwanzo hadi mwisho:

(m − 2)x² − 2mx + (m + 3) = 0

Hapa m imekaa kila mahali, hata mbele ya x², na hapo mbele ya x² ndipo penye mitego mingi.

Basi kabla ya yote, hakikisha mlinganyo una mizizi miwili ya kuzungumziwa. Namba inayozidisha x² ni m − 2. Ikiwa m = 2, x² inatoweka na kinachobaki ni −4x + 5 = 0, wenye jibu moja tu, 5/4. Jibu hilo ni chanya, lakini swali liliuliza habari za mizizi miwili, kwa hiyo m = 2 inaondolewa mapema. Andika m ≠ 2 pembeni ya ukurasa, maana baadaye tutagawanya kwa m − 2 na ni rahisi kusahau kwamba tulijipa ruhusa hiyo kwa sharti.

Sasa ziandikwe jumla na zao. Kwa mlinganyo ax² + bx + c = 0, jumla ya mizizi ni −b/a na zao lake ni c/a. Angalia vizuri alama ya kutoa kwenye jumla. Katika mlinganyo wetu b ni −2m, hivyo −b ni 2m. Tukiita jumla S na zao P, tunapata

S = 2m/(m − 2)
P = (m + 3)/(m − 2)

Kabla ya kuziwekea masharti, inafaa kujua kila moja inasema nini. Namba mbili halisi zikizidishwa na zao likawa chanya, zina alama moja: ama zote chanya, ama zote hasi. Zao peke yake haliwezi kutuambia ni ipi kati ya hali hizo mbili. Jumla ndiyo inayoamua, kwa kuwa namba mbili hasi haziwezi kujumlishwa zikatoa chanya. Nayo jumla peke yake haitoshi: 7 na −2 zina jumla chanya. Kwa hiyo P > 0 na S > 0 ni lazima ziende pamoja.

Lakini hoja yote hiyo ilianza na maneno “namba mbili halisi”, na hapo ndipo majibu mengi yanapoharibika. Chukua m = 7 kwenye mlinganyo wetu. Unapata 5x² − 14x + 10 = 0. Jumla ni 14/5, zao ni 2, zote chanya. Mtu akiishia hapo atasema m = 7 inafaa. Kumbe b² − 4ac ni 196 − 200, yaani −4, na mlinganyo huo hauna mzizi halisi hata mmoja. Mizizi yake ni namba changamano, na kwa namba hizo neno chanya halina maana. Jumla na zao zimetoka nzuri tu, zikazungumzia kitu ambacho hakipo kwenye mstari wa namba.

Kwa hiyo linahitajika sharti la tatu, la kuthibitisha kwamba mizizi ni halisi. Vitabu vingi hulileta sharti hili kwa b² − 4ac, kana kwamba limetoka mahali pengine kabisa. Mimi napenda kulitoa kwenye S na P zenyewe, kwa sababu ukilipata hivyo hulisahau. Iite mizizi p na q. Tofauti yake ni p − q, na ukiizidisha tofauti hiyo kwa yenyewe unapata

(p − q)² = (p + q)² − 4pq = S² − 4P

Kama p na q ni namba halisi, upande wa kushoto hauwezi kuwa hasi, hivyo S² − 4P ≥ 0. Kinyume chake pia ni kweli: S² − 4P ikiwa sifuri au zaidi, kipeuo chake kinapatikana, tofauti ya mizizi inajulikana, na mtu akijua jumla na tofauti ya namba mbili amekwisha kuzijua namba zenyewe. Ni sharti lile lile la b² − 4ac, limegawanywa tu kwa a², na a² haiwezi kubadili alama. Kwa hiyo masharti yote matatu, S > 0, P > 0 na S² − 4P ≥ 0, yanatoka kwenye jumla na zao bila kuazima kitu.

Hapo pia unaona kwa nini sharti la tatu haliwezi kurukwa katika swali hili. Kama swali lingetaka mizizi yenye alama tofauti, P < 0 ingetosha, kwa kuwa −4P ingekuwa chanya na S² − 4P ingezidi sifuri yenyewe. Tukidai P iwe chanya, ulinzi huo unaondoka: P ikiwa kubwa mno ikilinganishwa na S, mizizi halisi inakosekana.

Kabla ya kutatua, soma tena maneno ya swali. Likisema “mizizi miwili tofauti”, sharti la tatu linakuwa S² − 4P > 0, bila usawa. Likinyamaza, mizizi inayolingana inakubalika.

Sasa tutatue, na tuwe waangalifu na asili ya sehemu. Kwa S > 0 tunahitaji 2m/(m − 2) > 0. Kosa ninaloliona kila mara ni kuzidisha pande zote kwa m − 2 na kubaki na 2m > 0, yaani m > 0. Hatua hiyo ni halali pale tu m − 2 inapokuwa chanya, jambo ambalo hatulijui. Njia salama ni kukumbuka kwamba sehemu ina alama sawa na zao la kiasi na asili yake. Kwa hiyo tunauliza ni lini 2m(m − 2) > 0, na jibu ni m < 0 au m > 2. Vivyo hivyo P > 0 inadai (m + 3)(m − 2) > 0, yaani m < −3 au m > 2.

Sharti la tatu linaonekana la kutisha, lakini likifanyiwa kazi linapungua lenyewe:

S² − 4P = [4m² − 4(m + 3)(m − 2)]/(m − 2)² = 4(6 − m)/(m − 2)²

Kule juu m² zimefutana, zikabaki 6 na −m. Asili ni mraba, hivyo ni chanya daima m inapokuwa si 2. Kinachobaki ni 6 − m ≥ 0, yaani m ≤ 6.

Chora mstari wa namba na uweke alama kwenye −3, 0, 2 na 6. Eneo ambalo masharti yote matatu yanakutana ni m < −3, na tena 2 < m ≤ 6. Yule aliyezidisha kwa m − 2 bila kuuliza alama yake angelipoteza kabisa eneo la kushoto. Tulipime: m = −4 inatoa −6x² + 8x − 1 = 0, na mizizi yake ni takriban 0.14 na 1.19, yote chanya.

Mipaka nayo ipimwe mmoja mmoja, kwa sababu kila mpaka una hadithi yake. Kwa m = 6 tunapata 4x² − 12x + 9 = 0, yaani (2x − 3)² = 0, na mizizi miwili inagongana kwenye 3/2. Ni chanya, hivyo 6 inabaki ndani kama swali halikudai mizizi tofauti. Kwa m = −3 tunapata −5x² + 6x = 0, ambao mizizi yake ni 0 na 6/5. Sifuri si chanya, hivyo −3 inabaki nje. Na kati ya −3 na 0, jumla ni chanya ilhali zao ni hasi: mizizi ina alama tofauti, ile chanya ikiwa na uzito zaidi.

Lipo swali pacha ambalo huwanasa waliozoea njia hii: mizizi yote miwili iwe kubwa kuliko 1. Kishawishi ni kudai S > 2 na P > 1, na masharti hayo hayatoshi. Namba 1/2 na 10 zina jumla 10.5 na zao 5, lakini moja yake haifiki 1. Badala yake sogeza kila kitu: dai p − 1 na q − 1 ziwe chanya, kisha tumia jumla na zao la hizo mbili mpya. Jumla yake ni S − 2, na zao lake ni P − S + 1. Kwa mlinganyo wetu,

S − 2 = 4/(m − 2)
P − S + 1 = 1/(m − 2)

Zote mbili ni chanya pale tu m > 2. Ukiunganisha na m ≤ 6, ambayo haibadiliki kwa kuwa kusogeza mizizi hakugusi tofauti yake, unapata 2 < m ≤ 6. Eneo zima la kulia lina mizizi inayozidi 1, wakati eneo la kushoto, m < −3, daima lina mzizi mmoja chini ya 1 na mwingine juu yake, kama ile 0.14 na 1.19 ilivyoonyesha.