Namna ya Kujibu Maswali ya Jopo la Ufadhili wa Chevening kwa Kiingereza

Chevening ni ufadhili wa Serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983, nao hugharimia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja nchini humo. Mwombaji anatakiwa awe na uzoefu wa kazi usiopungua saa 2,800, yaani takriban miaka miwili, na anajifunga kurudi nchini kwake kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Waliopita mchujo wa maandishi huitwa mbele ya jopo, na kwa Mtanzania usaili huo huandaliwa na Ubalozi wa Uingereza ulioko Dar es Salaam. Wengi ninaowaandaa wana Kiingereza cha kutosha, lakini majibu yao huzunguka mpaka swali lenyewe likasahaulika. Mwongozo huu unashughulikia maswali mawili ambayo humkwamisha mtu mara nyingi zaidi: umetoka wapi kikazi, na unakusudia kwenda wapi.

Hatua ya kwanza: rudi kwenye fomu yako. Wajumbe wa jopo hufanya kazi wakiwa na maombi yako, na maswali yao mengi huanzia humo. Chapisha insha zako, kisha pigia mstari kila dai linaloweza kuulizwa “kivipi?” Kama uliandika kwamba uliongoza mradi, uwe tayari kueleza watu walikuwa wangapi, nani alikupinga, na uamuzi gani ulikuwa wako. Dai usiloweza kulieleza kwa sentensi tatu za Kiingereza ndilo la kulifanyia kazi kwanza.

Hatua ya pili: andaa vidokezo, usikariri aya. Jibu lililokaririwa hutambulika upesi, kwa sababu sauti huwa ya msomaji na macho hukwepa. Kibaya zaidi, swali likigeuzwa kidogo, mtu hulitoa jibu lile lile ingawa haliendani tena na alichoulizwa. Chagua visa vitatu au vinne vya kazi yako, na kila kimoja ukiandikie maneno machache tu: mahali, tatizo, ulichofanya, kilichobadilika.

Hatua ya tatu: anza na jibu lenyewe. Kiswahili cha heshima huruhusu kutanguliza utangulizi mrefu kabla ya kufika kwenye hoja, na msikilizaji wetu husubiri bila shida. Jopo lenye muda mfupi na fomu ya kujaza alama linahitaji hoja katika sentensi ya kwanza, kisha ushahidi, kisha unyamaze. Dakika moja hadi moja na nusu hutosha kwa jibu moja.

Tuchukue mwombaji wa mfano, mhandisi wa maji anayefanya kazi RUWASA, wakala wa maji vijijini, katika Wilaya ya Kongwa mkoani Dodoma. Anaulizwa malengo yake ya kazi. Jibu lake la kwanza katika mazoezi linaanza kwa kueleza kwamba maji ni uhai, linaendelea na shida za wanawake vijijini, na linaishia kwenye ahadi ya kulisaidia taifa. Hakuna uongo ndani yake, ila lingeweza kutolewa na mtu yeyote. Baada ya kulirekebisha, kwa Kiingereza chepesi anasema maneno yenye maana hii:

“Ndani ya miaka kumi nataka kusimamia uendeshaji wa miradi ya maji vijijini katika mkoa wangu. Miradi mingi niliyoifanyia kazi haikosi pampu. Inakosa fedha za matengenezo. Katika kijiji kimoja nilikaa na kamati ya maji tukakubaliana maji yauzwe kwa ndoo, mapato yaandikwe kila siku na kupelekwa benki. Baada ya mwaka mmoja kamati ilikuwa na shilingi laki nane za matengenezo. Nikirudi, hatua ya kwanza ni kupeleka utaratibu huo kwenye miradi mingine ya wilaya yangu, na ndiyo sababu nataka kusoma usimamizi wa huduma za maji.”

Jibu hili lina cheo anachokitaka, eneo, kisa kimoja na hatua ya kwanza baada ya kurudi. Linafungua pia maswali anayoweza kuyajibu. Jopo likimuuliza atafanya nini asipopandishwa cheo, anajibu kwamba kazi ya kufundisha kamati inaweza kuanza katika nafasi aliyo nayo sasa. Likimuuliza kwa nini Uingereza, anataja masomo mahususi ya kozi aliyoichagua, kwa maana sifa za jumla za vyuo vya huko hazimtofautishi na mwombaji mwingine.

Hatua ya nne: punguza historia yako. Ombi la kujieleza halihitaji shule ya msingi wala idadi ya ndugu. Mhandisi wetu anataja kazi yake ya sasa, tukio moja lililomwelekeza kwenye kazi hiyo, na swali la kitaaluma linalomsumbua. Kama umekulia katika shida, itaje pale tu inapoeleza uamuzi uliofanya. Jopo hupima uongozi na mipango, kwa hiyo simulizi ya dhiki isiyofika kwenye tendo hukumalizia muda bila kukupa alama.

Hatua ya tano: chunga mitego ya kufikiri kwa Kiswahili. Mtego mkubwa kuliko yote ni “sisi”. Adabu yetu humfanya mtu aseme “tulifanya” hata pale alipofanya peke yake, na jopo likakosa cha kumpimia. Sema wazi lipi lilikuwa la kamati na lipi lilikuwa lako. Kutenganisha hivyo hakuhesabiwi kuwa majivuno. Tarakimu nazo huponyoka: Kiingereza cha jopo hakina laki, hivyo laki nane itamkwe kama mia nane elfu, na saa mbili asubuhi itamkwe kama saa nane. Tena, kwa kuwa nafsi yetu ya tatu haibagui jinsia, ni rahisi mwenyekiti mwanamke kugeuka mwanamume katikati ya kisa. Andika tarakimu na watu hao kando ya vidokezo vyako na uvitamke kwa sauti kila unapofanya mazoezi.

Hatua ya sita: fanya mazoezi mbele ya watu watatu. Mmoja wao asiwe wa fani yako, na wote waruhusiwe kukukatiza. Jirekodi kwa simu, kisha sikiliza jambo moja tu: je, hoja ilisikika kabla ya sekunde ya kumi na tano? Yule asiye wa fani akuambie kwa maneno yake alichoelewa kuhusu lengo lako. Akikosea, sentensi yako ya kwanza ndiyo yenye kasoro, wala usihangaike na lafudhi.

Hatua ya saba: ndani ya chumba. Usipolisikia swali, omba lirudiwe, au lirudie kwa maneno yako na uulize kama umelielewa sawasawa. Ni salama zaidi kuliko kubahatisha. Nyamaza kidogo kabla ya kujibu, na wajumbe wakiinama kuandika usidhani wamechoka, kwani wanarekodi ulichosema. Endelea kwa mwendo ule ule. Ukigundua umetaja tarakimu isiyo sahihi, itaje iliyo sahihi papo hapo kwa sentensi moja, kisha urudi kwenye jibu.