Somo: Kuomba dhamana ya benki kwa ajili ya zabuni

Ndugu wakandarasi wa Mbeya na Iringa, kabla ya kupanga foleni benki, soma nyaraka za zabuni kwenye NeST. Zabuni nyingi ndogo zinataka tamko la dhamana tu, fomu unayosaini mwenyewe. Kama imeandikwa dhamana ya benki, endelea.

Kwanza, hesabu siku. Tuseme halmashauri inakarabati madarasa na inataka dhamana ya shilingi 6,000,000. Mwisho wa kuwasilisha ni 10 Machi, zabuni iwe hai siku 120, na dhamana izidi hapo kwa siku 28. Jumla siku 148, yaani hadi 5 Agosti. Ukimwambia afisa "miezi minne", utapewa karatasi inayokufa Julai, na zabuni itatupwa hata kama bei yako ndiyo nzuri kuliko zote.

Pili, peleka barua ya maombi, leseni, TIN, usajili wa BRELA, azimio la wakurugenzi kama ni kampuni, na ule mfano wa dhamana uliomo kwenye nyaraka. Sisitiza benki ifuate maneno ya mfano huo. Benki hupenda fomu yao, lakini anayekagua zabuni anaangalia ya kwake.

Tatu, benki nayo inataka kinga. Utasaini ahadi ya kuirudishia kila senti itakayolipa kwa niaba yako. Juu ya hapo, mteja mgeni mara nyingi huzuiliwa fedha yote: milioni 6 inakaa kwenye akaunti, unaiona ila huigusi. Mwenye historia nzuri anaweza kuzuiliwa sehemu tu, iliyobaki ikabebwa na hati ya nyumba. Hati ina mlolongo wa uthamini na usajili wa rehani, kwa hiyo usianze nayo wiki ya mwisho.

Ada hutozwa mara nyingi kwa robo mwaka. Ikiwa ni asilimia 1, siku zetu 148 zinaingia robo ya pili: 60,000 mara mbili. Ada hairudi, ushinde ushindwe.

MASWALI

*Kaka, nikikosa zabuni, hela inafunguliwa lini?* (Mafinga)
Dai dhamana halisi kwa taasisi, uirudishe benki. Usipoirudisha, benki husubiri tarehe ya mwisho ipite.

*Nikishinda halafu nikaona bei hailipi, nikajitoa?* (Uyole)
Hapo taasisi inaidai benki. Benki haiulizi kuhusu mgogoro wenu. Inalipa, kisha inakugeukia wewe na ile ahadi uliyosaini.

*Mwenye ghala Makambako anataka dhamana ya kodi ya miezi sita. Ni hivyohivyo?* (Njombe)
Kinga ni ileile, dada. Ila mwombe mkubaliane iwe ya mwaka mmoja mmoja, ikiandikwa kiwango cha juu na tarehe ya mwisho. Hata mkataba wa ghala ukiwa wa miaka mitano, usikufungie fedha miaka mitano.