Chanja kuku dhidi ya mdondo mapema Novemba, usingoje wiki ya Krismasi

Mwaka juzi, zikiwa zimebaki siku mbili kufika Krismasi, mama mmoja wa Kibosho, Moshi, alinipigia simu. "Mwanangu, ile chanjo imenimalizia kuku." Alikuwa na kuku 19. Kumi na wanne walikuwa wamekufa ndani ya siku nne, na wawili kati ya waliobaki walikuwa wamepinda shingo, wanazunguka pale pale bila kuweza kudonoa.

Nilimpa pole, kisha nikamwomba anisimulie siku baada ya siku. Tarehe 14 Desemba alinunua majogoo wawili sokoni kwa ajili ya watoto wake wanaotoka Dar, akawafungulia pamoja na kuku wa nyumbani. Tarehe 17 jogoo mmoja alizubaa, akashusha mabawa na kuhara kijani. Tarehe 18 alitafuta chanjo ya mdondo, akawachanja kuku wote. Tarehe 20 vifo vikaanza.

Tarehe hizo zinaeleza kila kitu. Kuku aliyeambukizwa mdondo, ambao wengine tunauita kideri, kwa kawaida huonyesha dalili baada ya siku tano au sita, ingawa anaweza kuanza siku ya pili au kuchelewa hadi wiki mbili. Wale majogoo walikuja na ugonjwa kutoka sokoni. Chanjo nayo inahitaji siku 7 hadi 14 mwilini kabla ya kumkinga kuku, kwa hiyo ya tarehe 18 ingeanza kufanya kazi sawasawa kuelekea mwaka mpya. Virusi vilikuwa vimetangulia. Mdondo hauna dawa, na chanjo haimponyi kuku aliyekwisha kuambukizwa. Mama yule alitoa chanjo ile ile inayofaa, ila alichelewa wiki sita hivi.

Kwa sisi wa Uchagani, Desemba ndio mwezi wa hatari kuliko yote. Watu wanapanda mlimani kutoka kila kona ya nchi, kuku wananunuliwa huku na kule, wanasafirishwa kwenye matenga yaliyobeba kuku wa vijiji kumi, na zawadi ya jogoo inatoka nyumba hii kwenda nyumba ile. Sehemu nyingi nchini wafugaji wamezoeshwa kuchanja Januari, Mei na Septemba, yaani kila baada ya miezi minne. Si ratiba mbaya. Lakini kinga ya chanjo ya matone, ile inayoitwa I-2, hudumu miezi mitatu hadi minne. Kuku aliyechanjwa mwanzoni mwa Septemba anafika Krismasi kinga yake ikiwa ukingoni, na vifaranga walioanguliwa Oktoba na Novemba hawajachanjwa kabisa. Ndiyo maana mimi nawashauri wafugaji wa Moshi wachanje kila baada ya miezi mitatu, Jumamosi ya kwanza ya Novemba, Februari, Mei na Agosti. Andika miezi hiyo minne kwa mkaa nyuma ya mlango wa banda, ili hata mtoto anayeokota mayai aione.

Dawa ya minyoo itangulie chanjo kwa siku kumi hadi wiki mbili. Kuku mwenye minyoo mingi mwili wake umechoka, na chanjo haimjengei kinga ya kutosha. Kwa hiyo wiki ya pili kabla ya Jumamosi hiyo, ndani ya Oktoba, Januari, Aprili na Julai, ndiyo wiki ya minyoo. Kabla ya kununua dawa, kagua kinyesi asubuhi chini ya vichanja. Minyoo mviringo ni myeupe na mirefu, kama tambi iliyopikwa. Vipande vya tegu ni vidogo na bapa, mithili ya punje za mchele. Tofauti hiyo ina maana dukani: dawa ya piperazini inatoa minyoo mviringo peke yake, tegu itaiacha. Ukiona punje za mchele, mwambie mwuza dawa unataka inayoua na tegu, na umuulize kipimo chake kwa kuku.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kuweka dawa kwenye maji kisha kuwafungulia kuku. Kuku wa kienyeji akitoka anakunywa kwenye mfereji wa kihamba, shamba la migomba linalozunguka nyumba, au chini ya bomba, na dawa yako inabaki kwenye sahani. Fanya hivi: ondoa maji jioni wanapoingia kulala. Asubuhi usiwafungulie. Wape dawa kwenye maji machache wanayoweza kuyamaliza kwa saa mbili au tatu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko, katika vyombo vya kutosha ili majogoo wasiwazuie matetea. Wakimaliza, ndipo wafunguliwe. Soma pia siku ambazo mayai hayaruhusiwi kuliwa baada ya dawa hiyo, maana hutofautiana kati ya dawa na dawa.

Chakula nakiweka hapa kwa sababu mahususi. Kuku anayejitafutia anapata wadudu na majani ya kutosha wakati wa mvua, lakini ukame ukiingia anashinda kutwa akichakura majani makavu ya migomba bila kupata kitu. Gramu 40 za nyongeza kwa kuku mkubwa kila siku, kama konzi moja iliyojaa, zinambadilisha. Mchanganyiko rahisi ni pumba za mahindi sehemu sita, mashudu ya alizeti sehemu mbili na dagaa waliosagwa sehemu moja. Pumba zenye harufu ya ukungu zitupe, usijaribu kuzikausha upya, maana sumu ya ukungu haitoki kwa jua. Vifaranga wapewe chakula chao cha kuanzia, ndani ya tenga ambamo wakubwa hawaingii.

Sababu yenyewe ni hii: chakula hicho kitolewe jioni, saa kumi na mbili, ndani ya banda. Kuku wakizoea hivyo wanaingia wenyewe, unawahesabu, unamwona asiyekula, na siku ya chanjo huhitaji kuwakimbiza kwenye migomba. Anayelala juu ya mparachichi ndiye huachwa kila mara, na ndiye ugonjwa unaanzia kwake.

Chanjo yenyewe itolewe alfajiri, kuku wakiwa bado kichanjani. I-2 inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, lakini haivumilii jua wala kusahauliwa mfukoni. Itoe kwenye friji siku hiyo hiyo, ifunge kwa kitambaa kibichi, iweke kivulini. Mtu mmoja amshike kuku na kumlaza ubavu, jicho moja likitazama juu. Mwingine aishike chupa wima kabisa, mdomo chini, na kudondosha tone moja jichoni. Ukiilaza chupa, matone yanabadilika ukubwa na chupa inaisha kabla ya kuku kuisha. Usimwachie kuku mpaka apepese jicho, kwa kuwa ndivyo tone linavyoingia. Likidondokea manyoyani, rudia. Tone ni moja kwa jogoo wa kilo tatu na moja kwa kifaranga wa jana, hakuna kupunguza. Kanga na bata mzinga wachanjwe pia. Bata wa kawaida anaweza kubeba virusi bila kuugua, kwa hiyo naye asiachwe.

Wapo wanaopenda chanjo ya maji, Lasota, kwa sababu haihitaji kukamata kuku. Kwa kuku wa kufungiwa inafaa, mradi maji hayana dawa ya klorini na yanyweke ndani ya saa mbili. Kwa kuku wa kihamba siishauri, kwa sababu ile ile niliyoitaja kwenye minyoo: hujui nani amekunywa.

Linalowakwamisha wengi ni ukubwa wa chupa. Mwenye kuku 14 anaona hasara kununua chupa ya dozi 100, na chupa ikishafunguliwa haihifadhiwi hadi msimu ujao. Njia iliyofanya kazi Kibosho ni hii: mama yule aliongea na majirani watatu. Mmoja ana kuku 22, mwingine 17, wa tatu 31, na yeye alikuwa amefikia 14. Jumla ni 84. Chupa moja iliwatosha, na matone 16 ya ziada yaliwafaa kwa yale yaliyodondoka pembeni na kwa vifaranga waliosahauliwa kwenye hesabu. Wanagawana bei kwa idadi ya kuku, si kwa nyumba. Faida nyingine ni kubwa kuliko bei: kuku wa nyumba hizo nne wanachanganyika kutwa nzima, na kuchanja nyumba moja tu kungewaacha wengine wakiendelea kuuleta ugonjwa.

Chanjo hii inazuia mdondo peke yake. Kuku waliochanjwa wanaweza bado kufa kwa taifodi, kwa kuhara damu au kwa ndui. Ndui ina chanjo yake, ya sindano ya kutoboa ngozi ya bawa, mara moja katika maisha ya kuku, na ni vizuri itolewe vifaranga wakiwa na umri wa miezi miwili hivi, kabla mvua hazijaleta mbu. Ukiona vifo baada ya Novemba hii, usikimbilie kusema chanjo ni mbovu. Mpelekee afisa mifugo wa kata kuku aliyekufa muda si mrefu, ndani ya mfuko uliofungwa, amchunguze. Wengine wote waliokufa wafukiwe shimo refu. Aliyeanza kuzubaa asiuzwe wala kutolewa zawadi, na asichinjwe, manyoya na matumbo yakatupwa kihambani, kwa sababu mbwa watayasambaza hadi kwa majirani.

Mwaka jana, katikati ya Desemba, nilipita kwa yule mama. Alikuwa amenunua majogoo wake wa sikukuu mapema, tarehe 5, na alikuwa amewaweka peke yao kwenye tenga nyuma ya jiko, na chombo chao cha maji, mpaka wiki mbili ziishe. Alikuwa anawalisha wa mwisho, baada ya kuku wake wa nyumbani, na akitoka hapo ananawa mikono na kubadilisha ndala. Nilipomuuliza kwa nini ndala, alinionyesha kinyesi kilichonata chini ya soli. "Hiki ndicho kilichoingia bandani mwaka ule, mwanangu." Kwenye mlango wa banda, chini ya Novemba, alikuwa ameandika idadi: 14 wamechanjwa.