Potasiamu imepanda: soma moyo kabla ya majibu ya maabara

Tuchukue mgonjwa wa figo aliyekosa kusafishwa damu mara mbili. Analetwa saa nane usiku, miguu haina nguvu, mapigo 44 kwa dakika. Damu imeshapelekwa maabara, lakini usikae kuisubiri.

1. Piga ECG. Mawimbi ya T yamechongoka kama hema, wimbi la P halionekani, na QRS imetanuka hadi miraba midogo minne, yaani sekunde 0.16. Hiyo inatosha kuanza tiba. QRS ikizidi kutanuka hadi ikaungana na T, moyo uko karibu kusimama. Angalizo: mchoro wa kawaida hauthibitishi kwamba potasiamu iko sawa, kwa hiyo majibu ya 6.5 mmol/L na kuendelea yatibiwe hata mchoro ukiwa mzuri.

2. Kalsiamu. Mpe kalsiamu glukoneti 10%, mililita 30, kwenye mshipa mkubwa kwa dakika 10, huku ukitazama monita. Haishushi potasiamu hata kidogo, inaukinga moyo tu. Rudia ECG baada ya dakika 5. Kwa mgonjwa wetu QRS ilirudi miraba miwili na nusu. Isingebadilika, angepewa dozi nyingine. Kinga hii hudumu dakika 30 hadi 60, basi hatua ya tatu isicheleweshwe.

3. Insulini na glukosi. Hapa ndipo potasiamu inaposukumwa kuingia ndani ya seli. Toa yuniti 10 za insulini ya kawaida, ile inayofanya kazi haraka, pamoja na mililita 50 za glukosi 50%, kwa dakika 15. Vuta insulini kwa sindano yake ya yuniti. Kwenye chupa ya yuniti 100 kwa mililita, yuniti 10 ni mililita 0.1 tu, ukikisia kwa sindano ya kawaida, ni rahisi kuzidisha mara kumi.

Sukari hushuka baadaye, wakati kila mtu ameshapumua. Figo mbovu huchelewa kuiondoa insulini mwilini. Pima kila nusu saa kwa saa mbili, kisha kila saa, angalau kwa muda wa saa sita tangu insulini itolewe. Kama alianza na sukari chini ya 7 mmol/L, mwachie dripu ya glukosi 10%, mililita 50 kwa saa, kwa saa tano.

4. Salbutamoli. Miligramu 10 kwa nebulaiza, yaani vichupa vinne vya 2.5. Muuguzi aliyezoea dozi ya pumu atakuuliza mara mbili, na ana haki. Mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo mpe kwa tahadhari. Usiitegemee peke yake, maana wengine haiwasaidii.

Majibu ya potasiamu yalikuja 7.4, na yaliyorudiwa baada ya saa mbili, 6.3. Potasiamu hiyo bado imo mwilini na itarudi kwenye damu dawa zikiisha nguvu. Kituo cha kusafisha damu kipigiwe simu tangu kalsiamu inapoingia.