Somo: inkubeta inasoma 41 kila ikituma meseji, tatizo liko kwenye waya wa graundi

Wengi wanaotengeneza inkubeta za mayai hapa Uganda wanatumia vitu vilevile, yaani chipu ya ATmega328P, sensa ya LM35 na moduli ya SIM800L ya kumtumia mwenye kuku meseji. Ukiijaribu Kampala inasoma 37.5 vizuri tu, ukiipeleka kijijini Kiryandongo inaanza kuruka hadi 41 kila ikituma meseji, balbu zinazimwa na mayai yanapoa. Watu wanabadilisha sensa, wanabadilisha chipu, wapi.

Sababu ya kuwa nzuri mjini na mbaya kijijini ni hii. Moduli ya GSM haivuti moto sawasawa, inavuta kwa vishindo, kila kimoja kama maikrosekunde 577, na kinarudi kila milisekunde 4.6 hivi. Mnara ukiwa karibu mtandao wenyewe unaiambia moduli ipunguze nguvu, mnara ukiwa mbali inarusha kwa nguvu zote na kishindo kinaweza kufika ampea 2. Sasa hizo ampea 2 lazima zirudi kwenye saplai, na zinarudia kwenye waya wa graundi. Kama kipande cha waya huo kinatumiwa pia na LM35, na kina omu 0.02 tu (jampa nyembamba ya sentimita 10 inafika hapo bila shida), basi 2 × 0.02 ni milivolti 40. LM35 inatoa milivolti 10 kwa digrii moja. Hizo ni digrii 4 za uongo, 37.5 imekuwa 41.5 na hakuna kilichoharibika popote.

Hatua ya 1: hakikisha ndio ugonjwa wenyewe

Weka kodi hii, soma ikiwa imetulia, alafu soma tena wakati moduli inapiga simu nje (simu ni bora kuliko meseji kwa sababu inarusha muda mrefu).

```
// kwenye setup(): analogReference(INTERNAL);
int mn = 1023, mx = 0;
for (int i = 0; i < 500; i++) {
  int x = analogRead(A0);
  if (x < mn) mn = x;
  if (x > mx) mx = x;
}
Serial.println(mx - mn);
```

Kwa rejea ya ndani ya volti 1.1 kila hesabu moja ni kama milivolti 1.07. Ikitulia utaona 2 au 3, wakati wa simu ukiona 30 na kitu basi tumeipata. Angalia pia inakoruka. Ikipanda, graundi ya sensa inanyanyuliwa juu ya graundi ya chipu, maana sensa imefungwa upande wa GSM. Ikishuka, chipu ndiyo iko huko na sensa iko karibu na saplai.

Ukitaka kupima kwa multimita, waya mweusi pini ya 8 ya chipu, mwekundu mguu wa graundi wa LM35. Lakini usidanganyike, mita inakupa wastani, na vishindo vinachukua sehemu moja tu kati ya nane ya muda, kwa hiyo milivolti 40 itaonekana kama 5 hivi.

Hatua ya 2: kapasita za chipu

Hizi ni za ugonjwa mwingine, chipu yenyewe ikiwasha na kuzima matransista yake ndani, lakini zifunge kabla ya yote. Chukua nanofaradi 100 za seramiki, zile zimeandikwa 104. Moja kati ya pini 7 na 8, moja kati ya 20 na 22, moja kati ya 21 na 22. Pini 8 na 22 ziunganishe kwa waya mfupi unaopita chini ya chipu.

Miguu iwe mifupi, hapo ndipo mafundi wengi wanaharibu. Waya una uvivu wake, karibu nanohenri 10 kwa kila sentimita, na chipu inataka moto ndani ya nanosekunde chache. Kapasita iliyo sentimita 5 mbali, kwenda na kurudi, ni karibu nanohenri 100, na milliampea 20 zikitakiwa ndani ya nanosekunde 5 unapoteza milivolti 400 njiani. Hapo ni kama hujaweka kapasita.

Tena, pini 21 usiiunganishe na volti 5 ukitumia `INTERNAL`, utazigonganisha rejea mbili.

Hatua ya 3: kapasita kubwa ya GSM

Maikrofaradi 1000, aina ya upinzani mdogo wa ndani, ikae kwenye miguu ya SIM800L yenyewe si kwenye saplai, na 104 moja kando yake. Ila isikutoe akili: ampea 2 kwa maikrosekunde 577 zingeishusha peke yake kwa volti 1.15. Kwa hiyo konveta ya LM2596 uliyoiweka volti 4 lazima nayo iweze kutoa moto huo, kwa waya mnene.

Hatua ya 4: panga graundi

Hii ndiyo dawa. Moduli ya GSM ipate waya zake mbili nene zinazokwenda moja kwa moja kwenye OUT+ na OUT- za konveta, hakuna kingine kinachoazima waya hizo. Chipu iwe na 7805 yake. Graundi ya LM35 iende pini 22, sio kwenye reli ya bredibodi, sio "popote kuna hasi". Alafu kutoka graundi ya 7805 toa waya mmoja hadi hasi ya volti 12, na konveta nayo ije hapohapo, na rilei ya balbu pia. Sehemu moja ya kukutania, kila mmoja na njia yake.

Rudia kipimo cha hatua ya 1. Ikirudi 2 au 3 hata wakati wa simu, funga boksi.

Maswali

*Kutoka Arua:* Mkuu, si ningechukua tu wastani wa somo 100 kwenye kodi? Ama niweke 104 kwenye waya wa signo?

Jibu: Kaka, wastani unafaa kwa kelele inayopanda na kushuka sawa. Hii inasukuma upande mmoja tu, kwa hiyo 40 ikigawanywa kwa nane inabaki milivolti 5, nusu digrii ya uongo kila ikirusha. Kapasita nayo inafanya wastani uleule. Na LM35 haipendi kapasita moja kwa moja kwenye mguu wake, inaweza kuanza kutetemeka, weka rezista ya kilo-omu 2 kwanza alafu 104 upande wa chipu.

*Kutoka Jinja:* Nimefuata yote lakini bado inaruka, imepungua nusu tu. TX, RX na GND kutoka GSM zinaingia kwa chipu pamoja.

Jibu: Dada, hiyo GND ya tatu ndiyo mwizi. Umewapa vishindo njia ya pili kupitia chipu, wanagawana. Itoe, ubaki na TX na RX, graundi zinakutana tayari kule kwenye hasi.

*Kutoka Masindi:* Yangu hairuki, inajizima tu katikati ya meseji. Nitajuaje ni chipu au ni GSM?

Jibu: Tazama taa ya SIM800L. Ikiwa kwenye mtandao inapepesa kila sekunde 3 hivi, ikitafuta mtandao inapepesa haraka, chini ya sekunde moja. Meseji ikikatika na taa ikarudi haraka wakati programu yako inaendelea, ni GSM, volti yake inashuka chini ya 3.4, rudi hatua ya 3. Taa ikiendelea polepole na programu ndiyo imeanza upya, ni chipu, angalia kama bado inakula kwenye konveta moja na GSM.