Somo: Mazungumzo ya redio ya dakika tano kuhusu ufizi wa wazee

Naandika somo hili kwa sababu wahudumu wapya wa afya ya jamii huku Lamu wananiuliza kila mara namna ya kuwaandalia wazee mazungumzo ya redio, nami nimechoka kujibu kipande kipande.

Hatua ya kwanza: chagua jambo moja tu. Mimi huchagua ufizi unaotoa damu, kwa kuwa ndilo jambo linalowafanya wazee waache mswaki.

Hatua ya pili: andika maneno kama 500, kisha uyasome kwa sauti huku saa ikiwa mbele yako.

Hatua ya tatu: funga kila agizo na wakati anaoujua msikilizaji. Usiseme "mara mbili kwa siku" peke yake. Sema asubuhi, na usiku baada ya sala ya isha na chakula, kabla ya kulala.

Hatua ya nne ni maelezo ya damu yenyewe, nami niliyaharibu vibaya. Katika mazungumzo yangu ya kwanza niliandika: "Ukiona damu, ufizi wako umeumia, upumzishe, kisha umwone daktari." Mzee mmoja wa jirani aliupumzisha kweli. Safari ya daktari ilimtaka apande mashua, na zilikuwa siku za kusi, bahari imechafuka, kwa hiyo akaahirisha na kukaa miezi mitatu bila kugusa upande wa kushoto. Nilipomtembelea, ukoga ulikuwa umeganda kuwa ugaga wa manjano shinoni mwa meno, ufizi umerudi nyuma, na gego moja linatikisika ukiligusa kwa kidole. Hakukosea yeye; alifanya nilivyomwambia. Mara nyingi ufizi hutoa damu kwa sababu ukoga uliobaki mpakani mwa jino na ufizi umeufanya uvimbe, na ukoga huo haupungui kwa kuachwa. Sasa naandika hivi:

"Bibi, babu, ukipiga mswaki ukaona damu, usiache. Chukua mswaki laini, weka dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya mbaazi. Ulaze mswaki pale jino linapokutana na ufizi, usugue polepole kwa mizunguko midogo, dakika mbili. Tema povu, usisukutue kwa maji. Narudia: ukiona damu, usiache."

Kurudia huko si urembo, maana msikilizaji wa redio hana ukurasa wa kurudi kuusoma.

Tahadhari zifuatazo zisikatwe hata muda ukibana. Damu ikiendelea baada ya wiki mbili za kusafisha vizuri, au kukiwa na usaha, uvimbe au jino linalotikisika, mzee aende kliniki ya meno. Ugaga hautoki kwa mswaki, na asiukwangue kwa wembe wala pini. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiziache kwa uamuzi wake; amweleze daktari. Mwenye kisukari aambiwe kwamba sukari isiyodhibitiwa huuchelewesha ufizi kupona.

Hatua ya tano: msomee mzee mmoja kabla ya kwenda studio, kisha umwombe akueleze atakachofanya kesho asubuhi. Ningalifanya hivyo mapema, gego lile huenda lingalipona.

MASWALI YA WANACHAMA

Mhudumu, Malindi: Naomba unitumie mazungumzo yote niyasome kesho.
Jibu: Sehemu ngumu umeshapewa hapo juu. Nyingine iandike wewe, kwa lugha ya wazee wako.

Mhudumu, Mpeketoni: Damu ikitoka, si bora apumzike siku chache?
Jibu: Tafadhali soma hatua ya nne.

Mhudumu, Faza: Shikamoo, mwalimu. Wazee wetu wengi wanatumia mswaki wa mti. Niwakataze?
Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiwakataze. Waambie wautafune ncha hadi nyuzi zilainike, wakate ncha iliyochakaa, na wasugue kuelekea nje ya ufizi bila kuuchokoa. Udhaifu wake ni kwamba haufiki vizuri nyuma ya magego, na hauna floraidi ya kutosha kulinda shina la jino lililoachwa wazi na ufizi. Mwenye uwezo autumie mchana, na usiku atumie mswaki wa dukani pamoja na dawa ya meno.

Mhudumu, Faza: Na wanaokula tambuu?
Jibu: Hilo linastahili kipindi chake, kwa sababu popoo husababisha saratani ya kinywa hata bila tumbaku. Kwa sasa ongeza sentensi moja: kidonda au doa jeupe au jekundu lililokaa kinywani zaidi ya wiki mbili lionwe na daktari, hata kama haliumi.

Mhudumu, Lamu mjini: Nyongeza ndogo: mwenye meno ya bandia ayavue usiku, ayasugue kwa sabuni na kuyaloweka katika maji baridi. Mama yangu aliyatia maji ya moto, yakapinda.
Jibu: Ahsante, nitaitia katika kipindi kijacho. Nawe andika karatasi yako upande mmoja tu, kwani ukiigeuza mbele ya kipaza sauti, msikilizaji husikia mchakacho na kupoteza sentensi nzima.